Jezi Imefuliwa na Bado Inanuka: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Kikwapa Kilichoganda Kwenye Nguo za Mazoezi

Kuna jezi inayonuka ungali unaianua kambani, na kuna ile inayokauka ikinukia sabuni, lakini ukiivaa na kuanza kupasha misuli moto, dakika kumi hazipiti kikwapa kimeamka. Ya kwanza mara nyingi ilichelewa kukauka tu. Ifue tena, ianike penye upepo, yamekwisha. Ya pili ndiyo inayowahangaisha vijana wa mpira, wakimbiaji wa ufuo wa Mama Ngina hapa Mombasa na kina dada wa jimu, na ndiyo inayofika kwenye meza yangu ya udobi ikisindikizwa na maneno yale yale: "Ami, hii nimeifua kwa sabuni nyingi na bado."

Hiyo sabuni nyingi ni nusu ya tatizo lenyewe. Nusu ya pili ni maji tunayofulia hapa pwani. Kwa hiyo kabla ya kushika karai, tuone kwanza harufu imejificha wapi, kwa sababu asiyejua hilo huishia kuongeza sabuni kila wiki na kuipa harufu makao.

Harufu inakaa wapi

Jasho linapotoka mwilini halinuki sana. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaoishi kwenye ngozi. Wanakula mafuta na vitu vingine vinavyotoka na jasho la kwapani, na wanachobakisha ndicho kikwapa. Nguo ya pamba inakunywa maji, kwa hiyo unapoifua, maji na sabuni hupenya mpaka ndani ya uzi na kuondoka na uchafu. Poliesta, ambayo ndiyo jezi karibu zote na fulana za jimu, ni uzi wa plastiki. Karibu hainywi maji kabisa, ndiyo maana inakauka haraka, lakini mafuta ya mwili inayapenda na kuyang'ang'ania. Unaosha chumvi na vumbi, mafuta yanabaki, na bakteria wanabaki na chakula chao.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichukua fulana za watu 26 waliokuwa wamefanya mazoezi makali ya baiskeli ndani ya ukumbi, wakazihifadhi zaidi ya siku nzima kisha wakazinusisha kwa watu waliofunzwa kazi hiyo. Za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba. Walipoangalia bakteria, walikuta jamii moja iitwayo Mikrokokasi imestawi kwenye poliesta kuliko kwenye pamba. Kwa hiyo mtu anayesema fulana yake ya kawaida hainuki hivi, na mwili ni ule ule, hajidanganyi.

Sasa juu ya hayo mafuta ongeza mabaki ya sabuni ambayo hayakusuuzwa yakaisha, ongeza softna, ongeza deodoranti inayopakwa kwapani kila asubuhi. Vyote vinalala kimoja juu ya kingine na kufanya utando mwembamba usioonekana. Bakteria wako chini yake. Maji ya kufulia yanapita juu, nguo inanukia ua la sabuni kwa muda, na joto la mwili likiulainisha ule utando, harufu inatoka.

Maji yetu na sabuni ya kipande

Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ufuo wa Kisauni na Likoni vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na hayo ni chokaa. Maji ya mfereji yanatoka mbali, Mzima na Baricho miongoni mwa vyanzo vyake, lakini hayafiki kila nyumba kila siku, kwa hiyo kufua kwingi kunafanywa kwa maji ya kisima. Maji yaliyopita kwenye matumbawe yamebeba chokaa, na karibu na bahari yana chumvi pia. Ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika la chai.

Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa haiwi povu. Inageuka kuwa kitu kama nta, kile kinachokaa kama mduara wa kijivu ukingoni mwa karai. Ukiona povu halipandi, mkono unakwenda wenyewe kuongeza kusugua kipande, na kila unachoongeza kinageuka nta zaidi. Kwenye shuka ya pamba utaiona kama weupe uliofifia. Kwenye jezi inaingia baina ya nyuzi na kukaa, hasa kwapani na mgongoni, palipo na mafuta tayari.

Sabuni ya unga inahimili maji hayo kuliko kipande. Ila zile za kufulia kwa mkono zimetengenezwa zitoe povu jingi, na povu jingi linataka maji mengi ya kusuuzia. Mtu anayenunua maji kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni anasuuza mara moja, au mbili akijitahidi, na hapo simlaumu.

Ukitaka kujua maji yako yakoje, chukua chupa safi ya plastiki, itie maji nusu, kwangulia vipande vidogo vya sabuni ya kipande, funga na utikise kwa nguvu. Maji mazuri yatatoa povu zito linalosimama, na chini yake maji yatabaki karibu angavu. Maji ya chokaa yatatoa povu haba linalokufa upesi, na yote yatakuwa meupe yenye vipande vinavyoelea. Usitumie sabuni ya unga kwa jaribio hili, haitakwambia kitu.

Pima nguo kabla ya kuitibu

Si kila jezi inayonuka ina utando, na kazi inayofuata inakula nusu siku. Fanya majaribio mawili.

La kwanza ni tone la maji. Tandaza jezi kavu mezani, chovya kidole kwenye maji na udondoshe tone moja upindoni na jingine kwapani, upande wa ndani. Subiri kidogo. Tone la upindoni likitandaa na kunywewa, na la kwapani likasimama kama ushanga, pale kwapani pana mafuta au softna. Muhimu ni tofauti ya sehemu hizo mbili. Kuna vitambaa vinavyozuia maji kila mahali kwa jinsi vilivyotengenezwa, na hapo jaribio hili halikusaidii.

La pili ni karai. Tia nguo kavu, iliyofuliwa, kwenye maji ya uvuguvugu matupu, bila sabuni yoyote. Ikande kwa mikono dakika mbili tatu. Nguo safi haitoi kitu. Maji yakifanya povu au yakageuka kama maji ya mchele, hiyo ni sabuni ya wiki zilizopita.

Kama yote mawili hayaoneshi kitu na nguo bado inanuka, ruka mpaka hatua ya tatu hapa chini. Shida yako ni bakteria zaidi kuliko utando.

Jezi nyeusi ya Kisauni

Nitaeleza hatua kwa kufuata jezi moja ya kijana anayecheza kiungo. Ni nyeusi, poliesta tupu, namba yake imebandikwa kwa joto mgongoni. Nyumbani kwao wanafua kwa maji ya kisima na sabuni ya kipande, kisha mama yake anasuuzia softna ili inukie. Tone la maji kwapani lilisimama kama kwamba kitambaa kimepakwa mafuta ya taa.

Kabla ya maji, angalia vitu viwili. Namba au jina lililobandikwa halipendi maji ya kuzidi nyuzi 40, litaanza kuinuka pembeni. Nguo ya kubana iliyochanganywa na spandeksi nayo haitaki moto, inalegea. Jezi ya poliesta tupu ambayo michoro yake imeingia ndani ya kitambaa, yaani huwezi kuihisi ukipitisha kidole, inaweza kustahimili nyuzi 60, lakini soma kwanza lebo ya ndani.

Huna kipimajoto? Maji ya mtungi hapa Mombasa huwa karibu nyuzi 28. Lita moja ya maji yanayochemka ukiichanganya na lita nne za hayo, unapata nyuzi 40 na kidogo. Ukichanganya sawa kwa sawa, yanafika kama 60 baada ya kupoteza joto kidogo kwenye karai, na hayo usitie mkono, tumia mwiko wa mti.

Tukumbuke pia kwamba haina maana kuondoa chokaa kwa maji ya chokaa. Kwa kazi hii tafuta maji matamu: ya mfereji yakiwa na nafuu kuliko kisima, au ya mvua yaliyokingwa kwenye bati baada ya mvua kuosha paa. Ukikosa yote, chemsha maji ya kisima, yaache yapoe na kutulia, kisha mimina yaliyo juu taratibu na uache tope jeupe chini. Sehemu ya chokaa itakuwa imebaki kwenye sufuria. Chumvi haitoki kwa njia hiyo, lakini si chumvi inayotusumbua hapa.

Hatua ya kwanza: toa sabuni ya zamani

Geuza jezi nje ndani. Mafuta yako upande wa mwilini, na huko ndiko maji yanatakiwa kufika kwanza. Iloweke kwenye lita tano za maji ya nyuzi 40, bila kitu chochote, robo saa, kisha ikande polepole, kwapa kwa kwapa. Ikamue kwa kuibana, usiipote kama kamba. Mwaga, tia maji mengine, rudia mpaka povu liishe.

Ile jezi nyeusi, ambayo ilikuja kwangu imefuliwa na kukunjwa, ilitoa povu jembamba lililozunguka ukingo wa karai, na maji yakawa ya kijivu. Maji ya pili yalikuwa vile vile. Ya tatu yalipungua, ya nne ndiyo yaliyotulia. Maji haya usiyamwage mtaroni, yanafaa kupiga deki na kumwagia choo, hasa kama umeyanunua.

Hatua ya pili: siki ya kuvunja chokaa

Tia kikombe kimoja cha siki nyeupe, kama mililita 250, kwenye lita nne za maji ya uvuguvugu. Siki ya kawaida ya dukani yenye nguvu ya asilimia 5 inatosha. Zamisha jezi nusu saa, igeuze geuze. Siki inaitenganisha ile nta ya sabuni na chokaa, na inasaidia pia kulegeza mabaki ya deodoranti. Kwenye jezi nyeusi nilianza kuona vijipande vidogo vya kijivu vikielea baada ya dakika kumi hivi.

Suuza mara mbili kwa maji matupu. Usiharakishe hapa, kwa sababu hatua inayofuata inatumia soda, na siki na soda zikikutana zinauana. Najua kuna watu wanaozichanganya karai moja kwa kuwa zinachemka na kutoa mapovu mazuri. Yale mapovu ni hewa tu, na maji yanayobaki hayana nguvu ya siki wala ya soda.

Mbona siki inatangulia? Ikiivunja ile nta, chokaa inaondoka na maji, lakini mafuta yaliyokuwa yameshikana nayo yanabaki kwenye uzi. Soda na sabuni ndizo zinazoyachukua hayo. Ukianza na soda, inakutana na chokaa ikiwa bado ipo na haifanyi kazi yake vizuri. Kama nyumbani hamtumii maji ya kisima wala kipande, hatua hii unaweza kuipita.

Na hili lisisahaulike: siki isikaribiane na jiki. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na vyoo vyetu vya kuogea vingi havina dirisha la maana.

Hatua ya tatu: poda ya oksijeni

Hapa ndipo bakteria wanapofikiwa. Kinachohitajika ni poda ya kutoa madoa inayofanya kazi kwa oksijeni, zile za mikebe ya rangi ya waridi kwenye supamaketi ni za aina hiyo. Kiini chake ni sodiamu perkaboneti. Ikiingia kwenye maji ya moto inagawanyika ikawa soda, inayolainisha mafuta, na haidrojeni peroksaidi, inayoua bakteria na kuvunja vitu vinavyonuka. Zipo na za kimiminika kwa jina lile lile, lakini kwa kuloweka chukua ya unga.

Anza na jaribio la rangi. Koroga kijiko kidogo cha poda kwenye kikombe cha maji ya moto, dondoshea kwenye pindo la ndani, subiri dakika kumi, kisha kandamiza kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kitambaani, acha. Nguo za hariri na sufu hazihusiki na dawa hii hata kidogo.

Kama rangi imesimama, yeyusha vijiko viwili vya mezani, vilivyosawazishwa, kwenye kikombe cha maji ya moto, kisha mimina kwenye lita tano za maji ya nyuzi 40. Mkebe ukisema kipimo kingine, fuata mkebe, kwa kuwa nyingine zimechanganywa na vitu vingi na perkaboneti ni kidogo. Zamisha jezi yote na uikandamize kwa sahani ya plastiki ili kwapa zisielee juu. Karai liwe la plastiki, na usilifunike likabana, kwa sababu hewa inatoka. Iache saa mbili mpaka tatu. Vaa glavu ukiwa na ngozi inayokauka.

Maji ya baridi yatakuangusha katika hatua hii. Perkaboneti kwenye maji ya mtungi yasiyopashwa moto inakwenda polepole mno, na wengi wanaosema dawa haifanyi kazi walikosea hapo tu. Wala kuiacha usiku kucha hakuongezi kitu, kwa kuwa baada ya saa chache nguvu imekwisha na nguo inakaa ndani ya maji machafu. Ukihitaji zaidi, changanya mapya.

Ukikosa poda hiyo, kuna magadi, yale yale ya kupikia maharagwe, yanayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado. Ni soda ya asili, inalainisha maji na kulegeza mafuta. Saga kijiko kimoja cha mezani, koroga kwenye maji ya moto, acha mchanga ukae chini, chuja kwa kitambaa na utumie maji yake angavu tu kwenye lita tano. Magadi hayaui bakteria kama ile poda, kwa hiyo yanahitaji kusaidiwa na joto la nyuzi 60, na hapo jezi zenye namba za kubandika na nguo za spandeksi zinabaki nje.

Hatua ya nne: fua, kwa sabuni kidogo

Baada ya kuloweka, kamua na udondoshee matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kila kwapa, upande wa ndani. Sabuni hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya sahani na hapa inafaa sana. Sugua kwa burashi laini au kwa ncha za vidole, dakika moja. Kisha fua jezi nzima kwenye lita tano za maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha mezani cha sabuni ya unga. Utaona ni kidogo mno. Ndivyo inavyotakiwa. Safari hii usiguse kipande.

Suuza mpaka maji yakae angavu ukikanda, kwa kawaida maji matatu. Kama maji matamu ni haba, yabakishe kwa suuzo la mwisho, maana linalobaki kwenye nguo ni lile la mwisho. Softna isiingie kabisa. Kazi ya softna ni kuacha utando kwenye uzi ili nguo ihisi laini, na utando ndio tuliotumia asubuhi nzima kuutoa.

Hatua ya tano: anika, kisha inuse kwa mvuke

Ianike ikiwa nje ndani, kwa hanga, mikono imeachana na kiwiliwili ili kwapa zipate upepo. Ikishakauka usiinuse hivyo hivyo, kavu haitakwambia ukweli. Mimina maji ya moto kwenye magi, tandaza kwapa la jezi juu ya mdomo wake dakika moja, kisha nusa. Mvuke unafanya kile ambacho mwili utafanya uwanjani. Ikinuka sabuni kidogo au isinuke kitu, imepona.

Jezi nyeusi ilipona kwapa la kushoto. La kulia lilibaki na harufu kwa mbali, na tone la maji lilitandaa lakini kwa uvivu. Nikarudia hatua ya tatu na ya nne peke yake, kwa dawa mpya, na mvuke wa pili haukutoa kitu. Namba mgongoni haikuinuka hata pembe moja, kwa sababu maji hayakuvuka 40. Wakati mwingine ni bora kurudia kwa upole kuliko kuongeza moto.

Njia za mkato zinazoharibu

Jiki inajaribiwa sana. Inaua bakteria, sikatai, lakini inakula spandeksi mpaka suruali ya kubana inabaki na mawimbi magotini, inafifisha rangi, na haitoi mafuta. Nguo inarudi kunuka, safari hii ikiwa imechakaa. Isiwekwe pia pamoja na poda ya oksijeni, zinaharibiana.

Kufukiza udi ni mtindo wetu na kwa kanzu sina neno. Jezi ya poliesta iliyofukizwa inabeba moshi wenye utomvu na mafuta, inaushikilia, na baada ya kipindi cha kwanza uwanja mzima unanusa udi na kikwapa kwa pamoja. Marashi ni hayo hayo.

Jua nalo tunalipa sifa kupita kazi yake. Kukausha haraka kunawanyima bakteria maji, na hilo ni kubwa. Lakini kuna bakteria mmoja, Moraksela, ambaye watafiti wa Japani walimtaja mwaka 2012 kuwa chanzo cha harufu ya nguo zilizofuliwa zikachelewa kukauka, na walikuta anavumilia ukavu na mwale wa jua kuliko wenzake. Kwa hiyo nguo yenye utando haiponi kwa kuanikwa juani siku mbili, na jua kali la mchana linachosha spandeksi bure. Kivuli chenye upepo kinatosha.

Kuzuia isirudi

Ukishaivua baada ya mechi pale Serani au Tononoka, isuuze palepale kwa maji matupu kama upo mfereji, au ukifika nyumbani kabla hujakaa. Jasho bichi linatoka kwa maji tu. Likilala usiku ndani ya begi na viatu vyenye unyevu, limeshageuka kazi ya sabuni. Kama huwezi kuifua siku hiyo, itundike tu baada ya kuisuuza, isirundikwe kwenye kapu la nguo chafu.

Kwa ufuaji wa kawaida, kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya unga kinatosha jezi tatu nne kwenye lita kumi za maji, na nguo za mazoezi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na taulo zilizotiwa softna. Wenye mashine wapunguze kipimo cha sabuni wanachokifuata sasa, wasishindilie nguo, wawashe mzunguko wa ziada wa kusuuza, na mara moja moja waiendeshe tupu kwa maji ya moto kabisa, kwa sababu mashine inayofua kwa baridi siku zote inajijengea utando wake ndani na kuurudisha kwenye nguo.

Mwezi wa tano, masika yakiwa yamekaza, kamba ya nje haina msaada. Kamua jezi ndani ya taulo kavu kwa kuizungusha na kuikandamiza, itabaki na maji kidogo sana, kisha itundike mbele ya feni. Poliesta iliyokamuliwa hivyo haihitaji kungoja mpaka asubuhi.

Wanaofua kwa kisima watie siki kwenye suuzo la mwisho, nusu kikombe kwa lita kumi, kila baada ya mafuo manne matano. Harufu ya siki inaondoka nguo ikikauka. Nguo za spandeksi zisizoeshwe kila siku, zinachoka nayo.

Na zipo nguo zisizopona. Mafuta yaliyokaa miaka, yakapigwa pasi kila wiki, yanaganda kwenye uzi yasitoke tena. Utaijua hiyo kwa mguso: kwapa limekuwa gumu, linang'aa kidogo, na tone la maji linasimama hata baada ya kurudia dawa mara ya pili. Hapo usiongeze moto wala kipimo. Kwa jezi ya timu, fundi anaweza kukata kipande cha kwapa na kushona kitambaa kipya cha wavu. Fulana ya mazoezi ya kawaida ni nafuu kununua nyingine na kuianza vizuri.